Kuchanganya insulini angavu na insulini ya ukungu katika bomba moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mgonjwa wa kisukari, mzazi au ndugu anayechoma sindano nyumbani, ambaye kliniki imempa chupa mbili za insulini na kumwelekeza azivute zote katika bomba moja. Mimi ni muuguzi, na maswali yaliyomo ni yale ninayoulizwa karibu kila siku ya kliniki. Dozi zinazotajwa ni za mfano tu. Dozi yako ni ile iliyoandikwa kwenye kadi yako, na haibadilishwi bila ya daktari wako kujua.

Insulini angavu ni ipi, na ya ukungu ni ipi?

Insulini angavu inaonekana kama maji safi ya kunywa, na wagonjwa wengi huiita "ile ya maji". Hii ni insulini ya kawaida inayofanya kazi kwa muda mfupi, na katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki utaikuta kwa majina kama Actrapid au Humulin R. Huanza kushusha sukari baada ya nusu saa hivi, hufikia kilele kati ya saa mbili na saa nne tangu kuchomwa, na nguvu yake huisha baada ya saa sita hadi nane.

Insulini ya ukungu ni ile nyeupe, ambayo wengi huiita "ile ya maziwa". Kwenye chupa huandikwa Insulatard au Humulin N, na katika kadi za kliniki mara nyingi hufupishwa kwa herufi NPH. Weupe wake unatokana na chembe ndogo sana za insulini zinazoelea ndani ya maji, ambazo huyeyuka polepole zikiwa chini ya ngozi. Kwa sababu hiyo huanza kazi baada ya saa moja hadi saa mbili au zaidi, kilele chake huwa kati ya saa ya nne na ya kumi, na hubaki mwilini kwa zaidi ya saa kumi na mbili. Anayechoma zote mbili saa moja asubuhi anaitegemea ya maji kwa chai ya asubuhi, na ya maziwa kwa chakula cha mchana na kuendelea hadi jioni.

Tafadhali soma jina kwenye chupa kila mara, hata kama umezoea rangi ya kifuniko. Rangi za vifuniko hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na dawa uliyopewa mwezi huu inaweza kuwa imetoka kwa mtengenezaji mwingine kuliko ile ya mwezi uliopita.

Je, ni lazima kuzichanganya?

Si lazima. Unaweza kuchoma kila moja kwa bomba lake, mahali pawili tofauti, na sukari itadhibitika vilevile. Kuchanganya kunampunguzia mtu, hasa mtoto, sindano mbili kwa siku. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka au macho yake hayasomi vizuri mistari ya bomba ni afadhali achome mara mbili, au avutiwe na mtu mwingine.

Ni ipi inayotangulia?

Swali hili ndilo lenye jibu ambalo watu hulikariri nusu. Husikia kwamba "angavu kwanza", kisha wakifika nyumbani wanakumbuka pia kwamba muuguzi alianza na chupa nyeupe, wanachanganyikiwa, na kuanzia hapo kila siku wanafanya wanavyokumbuka siku hiyo.

Yote mawili ni kweli, kwa sababu kuna safari mbili, na kila safari ina mpangilio wake. Safari ya kwanza ni ya hewa, na hewa huanzia kwenye chupa ya ukungu. Safari ya pili ni ya dawa, na dawa huanzia kwenye chupa angavu. Ukiandika mpangilio wote kwa mfuatano, unakuwa hivi: hewa ndani ya ukungu, hewa ndani ya angavu, dawa kutoka angavu, dawa kutoka ukungu. Sindano inaanza kwenye chupa nyeupe na kumalizia kwenye chupa nyeupe, na katikati inaingia kwenye chupa angavu mara moja tu. Nimewahi kumwona mama mmoja akiweka chupa zake mezani, nyeupe kushoto na angavu kulia, na kuusogeza mkono wake hewani kushoto, kulia, kushoto kabla hajafungua bomba. Hakuwahi kukosea tena, na tangu siku hiyo nawafundisha wengine hivyo hivyo.

Naomba mfano wa hatua zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mgonjwa aliyeandikiwa uniti 8 za insulini angavu na uniti 16 za insulini ya ukungu asubuhi. Kabla ya kushika chochote, anajumlisha: 8 na 16 ni 24. Namba hiyo ya 24 anaiandika kwenye karatasi iliyo mezani, kwa sababu ndiyo namba ambayo bomba litasoma mwishoni, na kuipigia hesabu wakati vidole vinavuta ndiko kunakoleta makosa.

Ananawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Anasoma jina na tarehe ya mwisho wa matumizi katika kila chupa. Kisha anaibingirisha chupa ya ukungu katikati ya viganja na kuipindua juu chini taratibu, jumla mara 10 hadi 20, mpaka weupe uwe sawasawa kutoka juu hadi chini. Anafuta kifuniko cha mpira cha kila chupa kwa pamba yenye spiriti na kuacha kikauke chenyewe.

Anavuta kisukumio cha bomba tupu hadi mstari wa 16, ili bomba lijae hewa ya uniti 16. Chupa ya ukungu ikiwa imesimama wima mezani, anapitisha sindano kwenye mpira na kusukuma hewa yote ndani. Ncha ya sindano ibaki juu ya dawa, isiiguse. Hapo anaitoa sindano ikiwa tupu; havuti dawa bado.

Sasa anavuta hewa ya uniti 8 na kuisukuma ndani ya chupa angavu. Safari hii haitoi sindano. Anaipindua chupa pamoja na bomba, chupa ikiwa juu na ncha ya sindano ikiwa ndani ya dawa, na kuvuta polepole hadi karibu mstari wa 10. Anakagua kama kuna mapovu, anayagonga kwa kucha yapande, kisha anasukuma yaliyozidi yarudi chupani mpaka ukingo wa kisukumio utulie juu ya mstari wa 8 hasa. Kurudisha dawa hapa kunaruhusiwa, kwa kuwa ndani ya bomba hakuna kingine ila insulini angavu iliyotoka chupa hiyo hiyo. Anatoa sindano na kutazama tena: 8, bila povu.

Anarudi kwenye chupa ya ukungu. Kama weupe umeanza kutulia chini anaibingirisha tena kidogo. Anapitisha sindano huku kidole kikiwa kimeshikilia kisukumio kisisogee, anaipindua chupa, na kuvuta polepole sana hadi mstari wa 24. Hapa ndipo anaposimama kabisa. Hasukumi chochote kurudi. Anatoa sindano, anatazama mstari kwa mara ya mwisho, na kujichoma mara moja, kisha anakula baada ya nusu saa.

Kwa nini niingize hewa? Naona dawa inatoka hata nisipoingiza.

Inatoka siku za mwanzo. Chupa ya insulini imezibwa kabisa, kwa hiyo kila uniti unayotoa bila kuirudishia hewa inaacha upungufu wa hewa ndani, na baada ya siku kadhaa chupa inaanza kuvuta. Utaiona dalili yake kwenye kisukumio: ukikivuta na kukiachia, kinarudi chenyewe mbele kama kimevutwa na mtu, na dawa inaingia pamoja na mapovu mengi.

Kwa mtu anayechoma aina moja tu, huo ni usumbufu wa kawaida. Kwa anayechanganya ni hatari ya kweli. Unaporudi kwenye chupa ya ukungu ukiwa na uniti 8 za angavu ndani ya bomba, na chupa hiyo ina upungufu wa hewa, itazinyonya baadhi ya uniti hizo mara tu sindano inapopenya mpira, kabla wewe hujavuta. Utaendelea kuvuta hadi 24 na bomba litasoma 24, lakini ndani yake hazimo tena 8 za angavu na 16 za ukungu, na hakuna namna ya kujua kimekosekana kiasi gani.

Hii ndiyo sababu hewa ya chupa ya ukungu inatangulia mwanzo kabisa: utakaporudi huko mara ya pili, bomba litakuwa limeshabeba dawa na hutaweza tena kusukuma hewa. Hewa iwe sawa na dozi unayotoa. Ukizidisha sana, kosa linageuka upande wa pili: msukumo wa ndani unarusha insulini ya ukungu kuingia kwenye bomba kabla hujajiandaa, na unajikuta umepita 24.

Kuna ubaya gani tone la ukungu likiingia kwenye chupa angavu?

Weupe wa insulini ya NPH unatokana na protamini, ambayo ni protini inayopatikana katika mbegu za samaki dume. Hans Christian Hagedorn na wenzake huko Denimaki waligundua mwaka 1936 kwamba protamini hushikana na insulini na kuichelewesha, na mwaka 1946 ikatengenezwa aina hii tunayotumia, ambamo protamini na insulini vimepimwa vitoshane. Kabla yake kulikuwa na insulini yenye protamini iliyozidi, na mtu akiichanganya na insulini angavu, ile protamini ya ziada iliikamata angavu nayo ikawa ya polepole. NPH imepimwa kwa uwiano ambao hauleti hali hiyo, na ndiyo maana inakubalika kukaa bomba moja na insulini angavu kwa muda mfupi wa kuchoma.

Chupa nzima ni jambo jingine. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1000, na utaitumia kwa wiki kadhaa. Kila tone la ukungu linaloachwa humo linabaki, na kesho linaongezeka jingine. Baadaye, kila unapovuta uniti 8 za haraka, sehemu yake si ya haraka tena. Sukari baada ya chai inabaki juu, na baada ya muda inashuka saa ambayo hukuitarajia.

Nilimhudumia kijana wa sekondari ambaye vipimo vyake vya saa nne asubuhi vilikuwa vimepanda wiki tatu mfululizo, ingawa dozi, chakula na muda wa kuchoma havikubadilika. Tulikuwa tumefikia kuzungumzia kuongeza dozi. Nilimwomba mama yake alete chupa zote mbili, nikaiinua ile angavu mbele ya dirisha na kuipindua. Kulikuwa na utusitusi mwembamba kama wa maji yaliyooshea mchele, ambao haukuonekana mpaka chupa ipinduliwe kwenye mwanga. Mama alikuwa akivuta nyeupe kwanza siku za shule, kwa sababu asubuhi kuna haraka na chupa nyeupe ndiyo aliyokuwa ameishika akiibingirisha. Tulimpa chupa mpya ya angavu, dozi ikabaki ile ile, na vipimo vya saa nne vikarudi mahali pake.

Hata wewe ikague hivyo chupa yako: iinue kwenye mwanga kila siku kabla ya kuvuta. Insulini angavu yenye utusi wowote, chembe au rangi inatupwa. Haichujwi, wala haisubiriwi itulie.

Na tone la angavu likiingia kwenye chupa ya ukungu?

Nalo si jema, lakini madhara yake ni madogo kwa kiasi hicho hicho. Kumbuka pia tofauti moja: uchafuzi wa chupa angavu unaonekana kwa macho, ilhali uchafuzi wa chupa ya ukungu hauonekani kamwe, kwa kuwa maziwa yakiongezwa maji kidogo yanabaki meupe. Ndiyo maana nasisitiza hewa na kushikilia kisukumio.

Nimevuta nyeupe hadi 26 badala ya 24. Je, nisukume mbili zirudi?

Hapana. Ndani ya bomba sasa kuna mchanganyiko, na utakachosukuma si uniti 2 za ukungu; ni za mseto ambao hujui uwiano wake. Utakuwa umeingiza angavu kwenye chupa ya ukungu, na bado hujui bomba limebaki na nini. Usichome 26 pia ukidhani mbili si kitu, wala usirushe mbili hewani, kwa sababu zile mbili zina sehemu ya angavu uliyoipima.

Mwaga bomba lote, chukua bomba jipya na uanze upya. Najua namna maneno hayo yanavyouma kwa mtu aliyenunua dawa kwa fedha yake. Lakini tazama hesabu: umepoteza uniti 8 kutoka chupa moja na 18 kutoka nyingine, na kila chupa ina uniti 1000. Hasara hiyo haifiki mbili kwa mia katika chupa yoyote, wakati kurudisha dawa kunaweza kuharibu chupa nzima.

Ukiona jambo hili linakutokea mara kwa mara, tazama mwendo wako wa kuvuta kabla ya kujilaumu. Wengi wanavuta kwa kasi ile ile waliyoitumia kwenye angavu, ambako waliruhusiwa kupita na kurudisha. Kwenye nyeupe, vuta hadi 22, pumzika, kisha sogeza mstari mmoja mmoja.

Mapovu yana hatari?

Povu dogo likiingia chini ya ngozi halidhuru. Ubaya wake ni kwamba linakalia nafasi ya dawa: povu lenye ukubwa wa uniti 3 linamaanisha kwamba umechoma uniti 3 pungufu. Yaondoe mapovu yote ukiwa bado kwenye chupa angavu, kwa sababu huko unaweza kusukuma na kuvuta tena bila madhara. Povu kubwa likitokea baada ya kuvuta nyeupe halina tiba isipokuwa kumwaga na kuanza upya. Hutokea zaidi pale ncha ya sindano inapotoka nje ya dawa kwa sababu chupa imebaki kidogo, kwa hiyo chupa inapokaribia kuisha ivute sindano chini kidogo ili ncha ibaki imezama.

Kwa nini niibingirishe, nisiitikise?

Ukiacha kuichanganya kabisa, chembe zinabaki chini na unavuta maji yenye insulini kidogo. Wiki zinazofuata unavuta tope lenye insulini nyingi kuliko unavyodhani. Ukiitikisa kwa nguvu unaleta povu jingi na unaweza kuziharibu chembe zenyewe. Baada ya kuibingirisha tazama ndani: ikiwa kuna mabonge yanayoelea, au ukuta wa chupa umepakwa weupe kama kioo chenye barafu, dawa hiyo imeharibika. Mara nyingi huwa imeganda karibu na sehemu ya barafu ya friji, au imekaa kwenye joto kali.

Je, bomba lolote linafaa?

Hapana, na hapa kuna makosa mawili ambayo hayahusiani na mpangilio lakini yanauharibu.

La kwanza ni kipimo. Insulini nyingi inayouzwa kwetu ni U-100, yaani uniti 100 katika kila mililita, na bomba lake lazima liandikwe U-100. Mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Yapo mabomba ya U-40, mara nyingi yenye kifuniko chekundu, yaliyotengenezwa kwa insulini yenye uniti 40 kwa mililita. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 24, umevuta mililita 0.6, ambazo ni uniti 60. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi. Angalia pia thamani ya mistari: katika bomba la mililita 1, mstari mmoja kwa kawaida ni uniti 2, na katika bomba la nusu mililita ni uniti 1. Mtu aliyezoea la nusu mililita akipewa la mililita nzima anaweza kuhesabu mistari 8 na kuwa amevuta 16.

La pili ni nafasi iliyofichika. Bomba la insulini lina sindano isiyochomoka, na karibu hakuna nafasi kati ya kisukumio na ncha. Bomba la kawaida lenye sindano ya kuchomeka lina nafasi shingoni ambayo haihesabiwi kwenye mistari. Tuseme nafasi hiyo inabeba uniti 6. Unavuta angavu hadi 8, na zile 6 zimo shingoni, kwa hiyo umetoa 14. Unapoendelea kuvuta nyeupe hadi 24, zile 6 zinapanda ndani ya bomba, na nyeupe inayoingia bombani ni 10 tu, zilizobaki zikiishia shingoni na kubaki humo baada ya kuchoma. Mgonjwa anaamini amepata 8 na 16; amepata karibu 14 na 10. Siku akivuta kwa mpangilio wa kinyume, kosa nalo linageuka, na sukari inayumba bila ya yeye kuelewa kwa nini. Kama kliniki au duka halina bomba la insulini, choma aina mbili kando kando wakati unalitafuta, na umpigie simu muuguzi wako kabla ya kutumia bomba jingine.

Nimekosea: nimevuta angavu 16 na nyeupe 8, na nimeshachoma. Nifanye nini?

Jumla ni 24 ile ile, kwa hiyo mstari wa bomba haukukuonya. Hili ni kosa la kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu umepata maradufu ya insulini ya haraka, na kilele chake kitakuja ndani ya saa mbili hadi nne.

Usichome chochote cha kurekebisha. Kula chakula chako cha wanga kwa wakati, usikiahirishe, na piga simu kliniki au nenda kituo cha afya mapema. Pima sukari kila saa kwa saa nane zinazofuata, usibaki peke yako, usiendeshe chombo cha moto, na uwaambie wa nyumbani kilichotokea. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, au ukianza kutetemeka, kutoka jasho, kusikia njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Mtu aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Mchana na jioni sukari inaweza kupanda, kwa kuwa nyeupe ilikuwa pungufu. Hilo nalo mwulize daktari kabla ya kuongeza dozi.

Njia rahisi ya kulizuia kosa hili ni kuandika kwenye plasta kila chupa na dozi yake: "asubuhi 8" kwenye angavu, "asubuhi 16" kwenye nyeupe, na kubadilisha plasta siku daktari anapobadilisha dozi.

Naweza kuchanganya angavu yoyote na nyeupe yoyote?

Hapana. Insulini ya glajini, inayojulikana kwa jina la Lantus, nayo ni angavu kama maji, lakini ni ya siku nzima na imetengenezwa katika hali ya tindikali. Ikikutana na insulini nyingine bombani hali hiyo inavurugika, na nguvu zake hazitabiriki tena. Haichanganywi na chochote. Kwa hiyo kanuni ya "angavu kwanza" haitoshi peke yake. Jina ndilo linaloamua.

Kwa upande wa nyeupe, Mixtard 30 ni mseto ulioshatengenezwa kiwandani: sehemu 30 kwa mia ni angavu na 70 ni ya ukungu. Ukiwa nayo, kazi ya kuchanganya imeshafanywa. Ibingirishe tu na kuivuta yenyewe. Nimewapokea wagonjwa waliobadilishiwa dawa kuwa Mixtard wakaendelea kuongeza Actrapid waliyobakiwa nayo nyumbani, na kufika wakiwa na sukari ya 2. Ukibadilishiwa dawa, uliza waziwazi ile ya zamani inaendelea au inaachwa.

Naweza kuchanganya usiku ili asubuhi nichome tu?

Kwa kawaida choma ndani ya dakika 15 tangu ulipomaliza kuvuta. Ikiwa mgonjwa haoni na anayemsaidia huondoka alfajiri, muuguzi anaweza kupanga namna ya kuandaa mabomba mapema kwa aina fulani za insulini. Mpango huo ufanywe pamoja na kliniki, ukiwa umeziweka chupa zako zote mbili mezani mbele yake.